Hesabu ya Mourine Iliyolingana

Mourine hakuwa mtu wa kutulia. Mama yake, aliyeuza samaki kule Sori, alizoea kusema kuwa mtoto huyu alizaliwa akiwa na haraka na tangu siku hiyo hajafika anakokwenda. Jioni alifunga kufuli la ofisi, akalivuta, akapiga hatua tano, akarudi kulivuta tena. Wauzaji wa dukani walimcheka. Walisema siku kufuli lile litakapoharibika, halitakuwa limeharibiwa na mwizi.

Kwa miaka tisa alikuwa karani wa hesabu katika duka la vifaa la Noordin, mjini Migori. Noordin ni Mwislamu ambaye babake alifungua duka hapo kabla barabara haijatiwa lami. Aliuza saruji, mabati, misumari, kamba, tindo, pampu na mipira yake. Wateja walitoka Isebania, Ntimaru na Macalder. Wengi walilipa papo hapo, lakini wale waliojulikana walichukua bidhaa kwa deni na kulipa baadaye kwa simu kupitia till, namba ya malipo ya duka.

Kila mwisho wa mwezi Mourine alikuwa na kazi moja iliyomnyima raha. Mhasibu wa duka, Nicanor, mwanamume mwenye ofisi ya ghorofani Homa Bay, alihitaji muhtasari. Alitaka mambo manne: mauzo ya mwezi, malipo yaliyopokelewa, ada zilizokatwa na benki na till, na madeni ambayo hayajalipwa, jina kwa jina. Kwa karatasi hiyo Nicanor alitayarisha ritani ya VAT, taarifa ya kodi ya mauzo inayopelekwa serikalini, ambayo haina budi kufika kabla ya tarehe ishirini.

Kwa miaka minane Mourine aliifanya kwa mkono. Ilimchukua siku nne. Aliweka mbele yake orodha ya mauzo kutoka mashine ya kaunta, taarifa ya till na taarifa ya benki, kisha akapitia kila malipo kwa kalamu nyekundu. Alipokuta jina asilolijua alisimama mlangoni na kuwauliza wauzaji kwa sauti, “Hii elfu sita ya Jumanne ni ya nani?” Kila mara mmoja wao alikumbuka. “Ni ya yule mwalimu wa Awendo. Bwanake ndiye alituma.”

Kuuliza huko ndiko kulikomchosha. Aliona ni aibu mtu mwenye diploma kusimama mlangoni kama mchuuzi. Basi alianza kujifunza, mchana kwenye simu na Jumamosi kwenye kompyuta ya ofisi, mpaka akaweza kuandika programu ndogo ya kuifanya kazi ile bila yeye. Kila tarehe mosi, saa kumi na mbili asubuhi, programu ilichukua zile orodha tatu, ikazipatanisha, na kutuma muhtasari kwa Nicanor na nakala kwa Noordin. Mourine alipokuwa akichemsha chai nyumbani, kazi ya siku nne ilikuwa imekwisha.

Aliifundisha kwa uangalifu. Aliiambia kwamba mteja akilipa elfu kumi, na till ikakata ada, kisha benki ikapokea pungufu ya elfu kumi, mauzo yabaki elfu kumi kamili na ada iandikwe kwenye mstari wake kama gharama. Nicanor aliusifu sana mpango huo, kwa kuwa makarani wengi huandika kilichofika benki na kukiita mauzo. Kisha aliipa programu kanuni tatu za kutambua malipo. Kwanza, itafute kwenye mashine ya kaunta mauzo ya kiasi hicho hicho saa hiyo hiyo. Yakikosekana, itafute jina la mlipaji kwenye orodha ya wateja wa deni. Jina nalo likikosekana, iyahesabu malipo hayo kuwa mauzo ya papo hapo ambayo muuzaji alisahau kuyaingiza, maana siku za soko wauzaji husahau kweli.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyochukua nafasi ya kusimama mlangoni na kuuliza. Mourine hakuifikiria hivyo alipoiandika. Mtu anayekimbia huona njia tu. Mawe huyaona akishajikwaa.

Mwezi wa Aprili programu ilifanya kazi. Pesa zililingana mpaka senti: zilizolipwa, kutoa ada, zilikuwa zile zile zilizofika benki. Mei zikalingana tena. Noordin, ambaye sifa zake ni chache kama mvua ya Januari, alimwita na kumwambia kuwa Agosti atafungua tawi Homa Bay. Ikiwa miezi mitatu ya kwanza ya programu itapita bila kasoro, ofisi ya huko itakuwa yake, na mshahara wa huko pia. Tangu siku hiyo usingizi wa Mourine ulipungua. Alitembelea Homa Bay Jumapili moja, akaliangalia jengo kwa nje, akarudi siku hiyo hiyo bila kumwambia mtu.

Muhtasari wa Juni ulitoka tarehe mosi Julai. Ulilingana. Noordin aliusoma na kusimama kwenye ukurasa wa madeni. Jina la kwanza, lenye deni kubwa kuliko yote, lilikuwa la Elkana wa Macalder: shilingi laki moja na elfu kumi na moja na mia tano, na elfu arobaini na mbili kati yake zilikuwa zimepita siku sitini. Noordin alimpigia simu pale pale kaunta, wateja wakisikia. Alimwambia kwamba hatapewa hata msumari mpaka alipe. Elkana alijaribu kusema neno, na simu ikakatwa.

Elkana alikuwa mkuu wa shimo moja la dhahabu, yeye na wenzake wanne. Mvua zilikuwa zimechelewa kuisha na maji yalikuwa yakipanda shimoni. Mpira wa pampu yao ulikuwa umepasuka. Kila siku iliyopita bila mpira mpya, kazi ya wiki nyingi ilizidi kuzama.

Alifika dukani tarehe tatu kabla ya adhuhuri, amevaa shati jeupe la kanisani. Muuzaji mmoja kijana alimchokoza akiuliza kama dhahabu imekwisha Macalder.

“Dhahabu iko,” Elkana alisema. “Nimekuja kuangalia kama kwenu heshima bado iko.”

Noordin alikuwa ameshatoka kwenda msikitini, kwa hiyo mzee akaelekezwa ofisini kwa Mourine. Alikataa kiti. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole, ndani kukawa na simu ndogo ya kubonyeza isiyokuwa yake.

“Nyathina,” alisema, kwa neno ambalo wazee wa Kijaluo humwitia mtoto wao, “soma hizi.”

Mourine alisoma. Zilikuwa jumbe nne za malipo kwenda till ya duka. Elfu ishirini na elfu ishirini na mbili mwezi wa Aprili. Elfu thelathini na moja na mia tano mwezi wa Mei. Elfu ishirini na tatu mwezi wa Juni. Mlipaji katika zote alikuwa Susana.

“Susana ni nani, Jaduong’?” aliuliza, akimpa naye jina la heshima.

Elkana alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jua hutokea upande gani. Alieleza kwamba hakuna mchimbaji anayeshuka shimoni na simu. Huko chini kuna maji na giza, na simu ikianguka haipandi tena. Mama Susana anawapikia pale juu, mdomoni mwa shimo, na yeye ndiye anayetunza pesa za wote. Jiwe likishasagwa na dhahabu ikauzwa, kwanza analipa duka kwa laini yake, kisha wao wanagawana kilichobaki. Imekuwa hivyo miaka sita.

“Na leo,” aliongeza, “amenipa simu yake siku nzima. Bila simu ya kupokelea malipo, watu wanakula kwa deni, wakiandikwa ukutani kwa makaa.”

Mourine alijua habari ya Susana. Hilo ndilo lililomchoma. Alikumbuka vizuri miaka ya kalamu nyekundu, muuzaji mmoja mrefu akijibu kutoka kwenye rafu, “Susana? Hiyo ni ya shimo la Elkana.” Alikuwa amelisikia jina hilo kila mwezi kwa miaka mitano, na hakuliandika popote, kwa sababu muuzaji alikuwepo kulijibu.

Alimwomba mzee angoje kwenye benchi nje, karibu na mifuko ya saruji, akafungua muhtasari wa Juni. Hakutazama ukurasa wa madeni. Alitazama ukurasa wa mauzo, akatafuta elfu ishirini na tatu, akaikuta. Ilikuwa imekaa pale kama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mwenye nyumba: mauzo ya papo hapo, Susana.

Basi akaelewa yote kwa mara moja. Bidhaa ziliuzwa mara moja, lakini vitabu vilizihesabu mara mbili: mara ya kwanza Elkana alipozichukua kwa deni, mara ya pili Susana alipozilipia. Na kwa kuwa malipo yalikuwa yameitwa mauzo mapya, deni la Elkana halikupungua hata shilingi. Deni lake la kweli lilikuwa elfu kumi na tano. Hesabu ya pesa haikuweza kulionyesha kosa hilo, kwa sababu pesa zenyewe zilifika zote. Zililingana na benki kila mwezi. Kilichopotea ni jibu la lile swali la mlangoni, hii ni ya nani. Hata hesabu ya bidhaa ghalani, ambayo ingefichua kwamba vitu vilivyouzwa kwenye karatasi bado viko kwenye rafu, hufanywa Desemba tu.

Alipitia miezi yote mitatu akiwa amesimama, maana kukaa hakukuwezekana. Mwalimu wa Awendo hulipiwa na bwanake. Mama mmoja wa Isebania hutuma kupitia mtu wake wa kubadilisha fedha. Fundi mmoja hulipa kwa simu ya dereva. Wateja saba kwa jumla, na shilingi laki tatu na elfu kumi na nane na mia nne za mauzo ambayo hayakuwahi kutokea. Katika hizo, VAT ilikuwa zaidi ya elfu arobaini na tatu. Ile ya Aprili na Mei Noordin alikuwa ameshailipa.

Saa ilionyesha kwamba Noordin angerudi baada ya dakika ishirini.

Hapa ndipo mtu hupimwa, na si mbele ya umati. Mourine alijua njia ya mkato. Mfumo wa duka ulikuwa na sehemu ya kusamehe deni. Angeweza kuandika kwamba elfu tisini na sita na mia tano za Elkana zimefutwa, akawafutia wale sita wengine kidogo kidogo kwa miezi ijayo, akaiongezea programu majina yaliyokosekana, na hakuna ambaye angejua. Elkana angepata mpira wake. Homa Bay ingebaki palepale. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Alijiambia kuwa hakuna anayeumia.

Kutoka dirishani alimwona mzee kwenye benchi. Kijana aliyemchokoza alikuwa akipita na kumruka miguu. Elkana alikuwa ameishika ile simu ndani ya kitambaa kwa mikono miwili, kama mtu aliyeazimwa yai.

Kusamehewa deni ulilokwisha kulipa ni tusi. Maana yake ni kwamba vitabu vya duka vingesema milele kuwa Elkana alishindwa kulipa na Noordin akamhurumia, huku serikali ikibaki na kodi ya bidhaa ambazo hazikuuzwa. Uongo ungekuwa umepigwa pasi tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Mourine, mtoto wa muuza samaki, alijua pia kwamba samaki aliyeoza hafichiki kwa kufunikwa majani mabichi.

Noordin aliporudi alimkuta amesimama mlangoni, mahali pale pale alipozoea kusimama kuuliza.

“Mzee,” alisema, “Elkana alilipa. Mimi ndiye niliyekosea.”

Alieleza yote bila kuficha, akianza na kanuni ya tatu. Hakuilaumu programu. Programu ilifanya alichoambiwa, kama mtumishi mwaminifu aliyepewa amri mbaya. Noordin alisikiliza akiwa na tasbihi mkononi, na shanga zikasimama alipotajiwa laki tatu.

“Nani mwingine anajua?”

“Hakuna. Ni wewe na mimi.”

“Basi ungeweza kunyamaza.”

“Ningeweza.”

Noordin alitoka, akaenda kaunta, pale pale alipompigia Elkana simu siku mbili kabla. Wateja walikuwepo, na yule kijana mchokozi pia. Noordin ni mtu mkali ambaye hupenda kushinda, lakini alilelewa kwamba mtu uliyemvunjia heshima mbele ya watu humwombi radhi chooni. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba Mzee Elkana amelilipa duka hili kwa uaminifu miaka sita, kwamba vitabu vya duka ndivyo vilivyokosea, na kwamba anaomba radhi. Aliagiza mpira wa pampu utolewe, na uandikwe kwa deni kama kawaida.

Elkana aliinuka. “Nimesikia,” alisema. “Sasa mpigie na Mama Susana simu umwambie, maana yeye ndiye mliyemwita mnunuzi.”

Watu walicheka, na Noordin mwenyewe akatabasamu kidogo, lakini simu aliipiga. Ililia mkononi mwa Elkana, ndani ya kitambaa, na hapo hata yule kijana akashindwa kujizuia. Ilibidi mzee aibebe salamu hiyo mpaka Macalder pamoja na mpira.

Alasiri Mourine alizungumza na Nicanor kwa simu. Mhasibu hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kuwa ritani ya Juni haijatumwa bado, hivyo itaandaliwa upya. Za Aprili na Mei zitarekebishwa, na kodi iliyozidi itabaki kama akiba ya duka kwa miezi ijayo, ikiwa ushahidi utakuwa kamili. Alitaka jumbe, ankara na majina, kila kimoja. Halafu alisema jambo ambalo Mourine hakulitarajia.

“Nami nina sehemu yangu. Miaka minane ulikuwa unanitumia karatasi yenye maswali pembeni kwa kalamu nyekundu. Mwaka huu zikaja safi. Nilifurahia usafi, sikuuliza maswali yalikwenda wapi.”

Jioni ile Noordin alimwambia neno moja tu kuhusu ile ahadi: Homa Bay ingoje. Mourine aliitikia. Hakulia ofisini. Alifunga kufuli, akalivuta, akapiga hatua tano, akarudi akalivuta tena, akapita nyuma ya kituo cha mafuta ambako hakuna anayemjua, na pale ndipo machozi yalipomtoka.

Duka la Homa Bay lilifunguliwa Agosti, na aliyeketi kwenye ofisi yake alikuwa Shamima, mpwa wa Noordin. Mourine alimfundisha kazi kwa siku tatu, bila kinyongo cha kuonekana. Kile kisichoonekana ni chake na Mungu wake.

Programu hakuitupa. Mtu akikatwa na kisu chake hakitupi, hujifunza kukishika. Aliibadilisha kanuni ya tatu tu. Sasa malipo ambayo programu haimjui mwenyewe hayahesabiwi kuwa mauzo, wala hayapunguzi deni la mtu kwa kubahatisha. Yanawekwa kwenye mstari wa peke yake, na muhtasari haumfikii Nicanor mpaka mtu mwenye mdomo na masikio aupitie mstari huo na kuandika jibu mbele ya kila jina. Jibu hilo programu hulikumbuka mwezi unaofuata, kwamba Susana ni wa shimo la Elkana. Lakini kila mwezi huja na Susana wake mpya.

Tarehe mosi Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, programu ilianza kazi, ikasimama kama ilivyoamriwa. Mourine alifika mapema kuliko wauzaji. Mstari ulikuwa na majina tisa. Mawili aliyauliza mlangoni wauzaji walipofika, na hakuona aibu kusimama pale. Sita aliyapigia simu moja moja. La mwisho lilikuwa la mtu ambaye programu ilishafundishwa kumtambua, lakini malipo yalitoka kwenye laini mpya, kwa jina kamili ambalo halikuwa kwenye orodha, kwa hiyo ilikataa kubahatisha. Aliipiga namba hiyo. Nyuma ya sauti iliyojibu kulisikika injini ya pampu.

“Ni mimi Susana. Ile simu ya kwanza ilianguka kwenye sufuria ya maharagwe.”

“Na hii elfu kumi na tano, mama, ni ya nani?”

“Ya shimo. Ile iliyobaki. Elkana alisema tusilale nayo.”

Mourine aliandika. Deni la zamani la shimo la Elkana likawa sifuri, likabaki la mpira peke yake. Alisoma ukurasa wa mauzo, akasoma wa madeni, akausoma wa mauzo tena. Muhtasari ulimfikia Nicanor saa tano na dakika kumi, umechelewa kuliko mwezi wowote tangu programu ianze, na pembeni mwake kulikuwa na majibu tisa.